Mavazi ya safari ya kibiashara Maskati: mweleweshe fundi kabla ya kununua baibui

*"Wakuu, nipo Urambo, Tabora, nauza asali. Kuna mnunuzi wa Maskati, Omani, kanialika niende na sampuli tuongee bei. Mimi ni Mkristo, baibui sijawahi kuvaa. Ninunue mabaibui nikavae huko, au vitenge vyangu vitafaa? Mwenye uzoefu anisaidie."*

Dada, kwa ajili ya mikutano usinunue baibui. Mimi nipo Tabora mjini, nauza asali na nta, na wateja wangu wa Maskati nawafuata kwao, kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Omani haimlazimishi mwanamke mgeni kuvaa baibui wala kufunika nywele. Kinachotakiwa ni mabega, kifua na magoti yasitiriwe, nguo isibane na isionyeshe cha ndani. Hilo tu. Baibui usilolizoea litakuhangaisha: utakanyaga pindo ngazini, mtandio utateleza kila ukiinama, na mikono itashinda ikirekebisha nguo wakati inatakiwa ishike sampuli. Mwenyeji wako amekua akiliona baibui kila siku, atatambua mara moja kwamba umeliazima. Kitenge ni chako na kinakukaa. Shida ya kitenge ni mshono.

Mishono tunayoipenda sasa inabana nyonga, ina mpasuo unaopita goti, na mara nyingi mgongo au mabega yako wazi. Usijipe moyo kwamba kule hawataelewa. Waomani wengi waliokuwa Zanzibar na huku bara walihamia kwao baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Hadi leo Kiswahili unakisikia Maskati, madukani na maofisini. Watu hawa wanalijua gauni la harusi na wanalijua gauni la kazi, na ukienda ofisini kwao na la harusi watakuona hujajipanga. Ndiyo maana nakusihi pia uchunge ulimi: usimtete mtu kwa Kiswahili ukiwa kwenye lifti.

Sasa twende kwa fundi, maana hapa ndipo pa kutumia muda. Chukua pande moja la yadi sita, pamba halisi. Mwambie akate gauni refu la mkono mrefu, lifike kwenye kifundo cha mguu. Akishapima nyonga zako aongeze inchi tano au sita. Kama nyonga ni 42, gauni liwe 47 au 48. Fundi wetu atabisha, atakwambia umbo litapotea. Msimamie, mwambie umbo alitengeneze mabegani na kwenye mikato ya kifuani. Chini asiweke mpasuo, ila apanue pindo lizunguke inchi 60 au zaidi, ili upige hatua bila kuvutwa. Gauni jembamba lisilo na mpasuo litakufanya utembee kama umefungwa kamba, na gauni jembamba lenye mpasuo ndilo tunalolikimbia.

Shingo isishuke zaidi ya inchi tatu mbele. Nasisitiza shingo kwa sababu ya biashara yenyewe. Utasimama mbele ya meza na kuinama, ufungue chupa, uchote asali kwa kijiko na kuiachia iteremke ili mnunuzi aone uzito wake. Waomani wanaijua asali, wana zao za mkunazi na za migunga wanazozithamini sana, kwa hiyo hawataonja mara moja waondoke. Watakuinamisha mara nyingi. Shingo pana inayokaa vizuri ukiwa wima inafunguka yote ukiinama, na wewe mwenyewe huioni. Kwa sababu hiyohiyo mikono isiwe mipana ya kengele, itaingia kwenye asali. Afanye mkono mwembamba kiasi wenye kifungo kwenye kifundo cha mkono, ufungue na kukunja mara moja ukianza kazi na kuufunga ukimaliza.

Kabla hujalipa, lijaribu gauni hapohapo. Kwanza simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, mwambie mtu aangalie kwa mbele. Kitenge chepesi cha rangi ya mwanga kinaonyesha miguu yote namna hiyo, na jua la Maskati ni kali. Kama kinaonyesha, weka bitana ya pamba au vaa gagulo. Bitana ya nailoni ikatae, nitakwambia sababu baadaye. Pili, inama ukiwa mbele ya kioo. Tatu, na hili wengi hawalijui, kaa chini kwenye jamvi.

Biashara nyingi za Omani zinamalizikia kwenye majlisi, yaani sebule ya wageni, na nyingine hazina viti. Mnakaa kwenye zulia na mito, viatu vimebaki mlangoni, mnapewa kahawa na tende. Mwanamke niliyesafiri naye, naye wa biashara, alivaa sketi ya penseli iliyofika chini ya magoti. Ofisini ilikuwa sawa kabisa, hakuna aliyenung'unika. Jioni tukapelekwa kwenye majlisi. Alipokaa, sketi ikapanda hadi juu ya magoti, na ilibana kiasi kwamba hakuweza kukunja miguu pembeni. Muda wote wa mazungumzo alikaa ameegemea mkono mmoja, mkoba kwenye mapaja, na kahawa hakuweza kuipokea ipasavyo kwa mkono wa kulia kwa sababu ndio uliokuwa umemshikilia. Wenyeji walikuwa wastaarabu, waliangalia kando. Lakini bei ilizungumzwa na yeye mawazo yake yako kwenye sketi. Ilinisikitisha, kwa sababu mzigo wake ulikuwa mzuri na hakuutetea.

Kwa hiyo kaa chini, kunja miguu upande mmoja, nyayo zisimwelekee mtu, kisha inuka bila kushika kitu. Gauni likipanda kwa kiasi cha shibiri bado liwe limefunika muundi. Likipita jaribio hilo, litakufaa popote. Na kwa kuwa viatu vinavuliwa, chagua vya kuchomeka, na kisigino kisiwe kilichopasuka.

Vazi la pili sishauri liwe kitenge tena. Shona suruali pana ya rangi iliyokolea pamoja na blauzi ndefu inayofika karibu na goti, hiyo ni ya kwenda ghalani au bandarini. Dera usilipeleke kwenye mkutano hata kama linafunika kila kitu. Kule kama huku, ni nguo ya nyumbani, na anayeijua Zanzibar atashangaa. Taiti peke yake na blauzi fupi, hapana.

Kuhusu joto: sisi Tabora tuko juu, jua letu ni kavu na jioni hupoa. Maskati iko pwani. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari unaligandisha vazi mwilini. Ndiyo maana nimeikataa nailoni: inashika jasho, inang'ang'ania mapaja, na gauni ulilolipanua kwa makusudi linaanza kukuchora umbo. Pamba inapepea. Halafu ukiingia ofisini kiyoyozi kinakugandisha, kwa hiyo beba koti jepesi au mtandio mpana mkobani. Ukiweza kuchagua, panga safari kati ya Novemba na Machi.

Mtandio huo huo una kazi nyingine mbili. Ya kwanza ni msikiti. Mwenyeji anaweza kukupeleka uuone Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, ambao huwapokea wageni wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Pale sheria ni kali kuliko mjini: nywele zifunikwe, mikono hadi viganjani, miguu hadi vifundoni. Gauni nililokueleza linatosha, ongeza mtandio tu. Ya pili ni mzee wa familia akiingia, ukautupia begani au kichwani. Hulazimiki, lakini ni adabu ambayo hata bibi zetu wa Tabora, Waislamu kwa Wakristo, wangeielewa.

Ukialikwa nyumbani kula, kuna jambo litakushangaza. Mara nyingi wanawake hukaa chumba chao. Wakishaingia humo mabaibui yanavuliwa, na chini yake utaona hariri, nakshi na dhahabu. Hapo ndipo utakapotazamwa nguo kwa makini kuliko mahali pengine popote, na wanawake hao wana sauti katika biashara za familia zao. Vaa kitenge chako kizuri kuliko vyote, wataligusa kola na kuuliza fundi ni nani. Picha usipige kabla hujaruhusiwa na kila mmoja aliyemo. Ukipeleka kanga kama zawadi, soma jina lake kwanza, maana wenye asili ya Zanzibar wataisoma kabla hawajaikunjua yote. Yenye kijembe iache dukani.

Msalaba wako wa shingoni hakuna anayeukataza. Mimi ningeuweka ndani ya nguo kwenye mikutano, sababu ni kwamba unakwenda kuzungumza asali.

Kwa wanaume wanaosoma hapa: suruali na shati la mikono mirefu, koti kwa mkutano wa kwanza, kaptula ibaki hotelini. Msishone kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni na kofia yake mkaenda nayo ofisini. Kule hilo ni vazi la taifa, maofisa huongeza na kilemba. Mwislamu akivaa kanzu yake ya nyumbani kwenda Ijumaa, hilo ni jambo jingine na ni zuri.

Haya yote ni ya Omani. Usiyapeleke Irani, ambako kufunika nywele kumewekwa na sheria hata kwa mgeni. Saudia, tangu walipoanza kutoa viza za utalii mwaka 2019, mgeni mwanamke halazimiki kuvaa baibui, lakini wengi wetu tunaokwenda kule kibiashara bado tunabeba moja, kwa sababu wateja hutofautiana sana kutoka mji hadi mji. Na ikiwa safari yako itaangukia Ramadhani, hata Maskati ongeza stara: mkono mrefu kila siku, mtandio karibu.

Mwisho, panga ratiba ukijua kwamba mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, kazi inaanza Jumapili. Fika Ijumaa jioni, Jumamosi nyoosha nguo na utembee nazo sokoni Matrah uone zinavyokaa kwenye joto lile. Kama kuna pindo la kuongeza, mafundi wapo hapohapo mjini na watalimaliza kabla ya Jumapili asubuhi.