Maigizo ya ushauri nasaha: mwandikie mteja, si mshauri

"Nina mhadhara wa saa mbili wa stadi za ushauri nasaha. Nitaugeuzaje kuwa maigizo mafupi, na watazamaji waandike nini?"

Dada, igizo moja libebe stadi moja tu, tuseme kuakisi hisia. Usimwandikie mshauri maneno, atayasoma kama kasuku. Mwandikie mteja peke yake, kwenye kadi: "Nauza samaki Feri. Mume wangu kahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine. Sijali, nina wanangu." Chini ya kadi weka siri: anaona aibu kwa majirani, na atasema tu akihisi ameeleweka. Dakika nne zinatosha.

Mshauri akiuliza "Alihama lini?", atapewa tarehe na siri itabaki pale pale. Akisema "Unasema hujali, lakini sauti yako imeshuka," halafu akanyamaza, mara nyingi aibu hutoka yenyewe.

Mtazamaji usimuulize "Amefanyaje?" Atakujibu "vizuri", si unajua tunavyooneana haya. Muulize: mshauri alitaja hisia gani, kwa maneno yake yaleyale? Mteja alifanya nini mara tu baada ya hapo: aliongeza, alinyamaza, au alibadili mada?

Kwenye mrejesho mteja aanze. Mtazamaji akitangulia, mteja hufuata upepo.