Tangazo la kuomba radhi baada ya kuchelewesha oda za wateja

"Wakuu, nina mgahawa mdogo Tabata. Jumapili tulichelewesha chakula cha wateja kama ishirini, wengine kwa saa mbili. Sasa wanalalamika kwenye ukurasa wetu. Nataka kuandika tangazo fupi la kuomba radhi lisiloonekana la kujitetea. Niandike nini?"

Pole sana mkuu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na lilinikuta Ramadhani, wakati chakula kikichelewa watu hawana cha kukizibia. Nina mgahawa upande wa Ilala na tulikuwa tunauza futari kwa oda: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, katlesi, uji wa pilipili manga. Wateja wetu wengi wako Magomeni, Kariakoo na Upanga. Alhamisi moja tulipokea oda 46. Nilikuwa na vijana wanne wa bodaboda, na begi la kila mmoja lilibeba oda nne, yaani oda 16 kwa mzunguko. Kwenda na kurudi ilikuwa kama dakika 40. Mzunguko wa kwanza ulitoka saa 11:10 jioni, wa pili saa 11:50. Wa tatu ulipotoka, saa 12:30 ilikuwa imeshapita na adhana inakaribia. Nyumba 14 zilifuturu kwa maji na tende, zikingoja chakula walichokwisha kukilipia.

Usiku huohuo niliandika tangazo kwa haraka. Nililihifadhi, na mwanzo wake ulikuwa hivi: "Kutokana na mvua kubwa na foleni zilizo nje ya uwezo wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Kabla ya saa nne usiku malalamiko yalikuwa yameongezeka mara mbili. Mama mmoja wa Magomeni aliandika, "Baba, mimi nakaa hapa Magomeni. Jangwani leo palipitika, mume wangu amepita hapohapo saa kumi na moja. Sema ukweli tu." Alikuwa sahihi. Mvua ilinyesha kweli, na mtu wa Magomeni anajua ni lini Barabara ya Morogoro imefungwa kwa maji na ni lini haijafungwa. Hata bila tone la mvua, oda 14 zile zisingefika. Hesabu ilikuwa imeshaharibika tangu saa nane mchana nilipoendelea kusema "ndiyo" kwenye simu.

Angalia pia lugha niliyotumia. "Usumbufu uliojitokeza." Usumbufu haujitokezi wenyewe, kuna mtu ameuleta. Na "wowote" inamfanya mteja ajione kama huenda hakusumbuliwa, wakati yeye amekaa na watoto mezani wana njaa. Maneno haya tumeyazoea kwenye matangazo ya kukatika maji na umeme, ndiyo maana yanatutoka bila kufikiri, na msomaji naye anayapita bila kuyaamini. Ndugu yake ni "changamoto". Chakula kuchelewa saa mbili mteja haiti changamoto. Anza sentensi na "tu": tulichelewesha, tulipokea oda nyingi kuliko uwezo wetu, hatukupiga simu. Ukiona sentensi yako haina mtu aliyetenda, ifute uiandike upya.

Kesho yake asubuhi sikugusa ukurasa kwanza. Nilikaa na daftari la oda, nikapiga simu 14, moja baada ya nyingine. Sikumpa kijana wa kaunta kazi hiyo. Kila niliyempata nilimwambia nilichokosea, halafu nikamrudishia fedha yake yote kwa simu, na nikaongeza makato ya kutolea ili akienda kwa wakala apate kamili kile alicholipa. Wawili hawakupokea, nikawatumia fedha na ujumbe mfupi. Ilinichukua mpaka saa tano. Hapo ndipo nikaandika, kwa sababu sasa niliweza kusema "tumerudisha" badala ya "tutarudisha". Mteja aliyecheleweshewa futari yake hana sababu ya kuamini "tuta" yako.

Tangazo lenyewe lilikuwa hili, nalinakili kama lilivyokuwa:

"Jana Alhamisi tulichelewesha futari ya nyumba 14. Ilifika baada ya adhana, kwa wengine karibu saa nzima. Jana usiku tuliandika kuwa ni mvua. Haikuwa mvua. Tulipokea oda 46 wakati uwezo wetu wa kufikisha kabla ya Magharibi ni oda 32, na hatukuwapigia simu mapema kuwaambia. Tunawaomba radhi. Wote 14 tumewarudishia fedha zao zote. Ambaye hajaiona apige namba ya mgahawa, nitapokea mwenyewe. Kuanzia leo tunafunga oda zikifika 30."

Basi. Sikuweka picha ya chakula, sikuweka punguzo. Msaidizi wangu alipendekeza tuwape asilimia 20 kwenye oda inayofuata, nikakataa, na bado naona nilikuwa sahihi: punguzo la namna hiyo linamtaka mteja atoe fedha tena ndipo apate fidia yake. Pia sikuwataja vijana wa boda. Walikimbia kadiri walivyoweza kwenye mvua, na aliyepanga mizunguko ni mimi.

Ile namba 30 ndiyo iliyonigharimu kuliko yote. Uwezo ulikuwa 32, nikaacha nafasi mbili kwa ajili ya tairi kupasuka au mteja asiyepokea simu getini. Ahadi ya "tutaboresha huduma" hakuna anayeweza kuikagua, lakini 30 inakaguliwa. Jumatatu yake ilipotimu saa nane na nusu nilikuwa nimejaza, na mteja wangu wa siku nyingi alinipigia akiomba oda ya 31. Nilimwambia, "Dada, nisamehe, leo siwezi." Alinuna, lakini wote 30 walifuturu kwa wakati.

Liweke tangazo palepale unapotangaza menyu. Mimi niliweka kwenye ukurasa na kwenye Status ya WhatsApp, maana Status hupotea baada ya saa 24 na wapo wateja wanaoona ukurasa tu. Usifute malalamiko. Jibu kila mmoja kwa jina lake na kwa jambo lake, usinakili jibu moja kwa watu ishirini.

Nisikufiche, si wote waliorudi. Kati ya wale 14, tisa waliagiza tena kabla ya Idi. Watano sijawaona mpaka leo, na wana haki. Yule mama wa Magomeni alirudi baada ya wiki, akaagiza kaimati tu.

Kwako Tabata ningeanzia kwenye daftari. Umesema "kama ishirini", tafuta namba kamili kwanza, kwa sababu mteja wa 21 akisoma "ishirini" atajua hukumhesabu. Kisha andika pembeni ya kila oda saa iliyoingia, saa iliyotoka jikoni na saa iliyofika. Ikiwa imekaa kaunta muda mrefu ikingoja pikipiki, tatizo ni usafiri kama langu. Ikiwa imechelewa kutoka jikoni, ni jiko au mpishi, na sentensi ya sababu kwenye tangazo lako itakuwa tofauti. Ukishazipata saa hizo ziweke hapa, nitakusaidia kuiandika sentensi hiyo.