Maswali na majibu: koili ya opampu

Nahitaji koili ya henri 1 kwa ikwalaiza. Naweza kuiunda bila kuzungusha waya?

Ndiyo, kwa saketi ya Antoniou. Panga vijenzi vitano mfululizo kutoka kwenye ingizo hadi ardhini: R1, R2, R3, kapasita C, kisha R5. Viunganisho viwe namba 1 (ingizo), 2, 3, 4 na 5. Opampu ya kwanza: mguu wa + kwenye 1, wa − kwenye 3, tokeo kwenye 4. Ya pili: + kwenye 5, − kwenye 3, tokeo kwenye 2. TL072 moja ina zote mbili.

L = C × R1 × R3 × R5 / R2

Rezista zote zikiwa kiloomu 10 na C nanofaradi 10, unapata henri 1 kamili. Kapasita iwe ya filamu, kwani nyingi za seramiki hubadilika thamani kulingana na volti, na L hubadilika nayo.

Nimeiweka sambamba na nanofaradi 100. Inaitika karibu 500 Hz, lakini inakwaruza kwa ishara ya volti 4 tu, wakati umeme ni ±12. Kwa nini?

Usipime ingizo, peleka oskiloskopu kwenye tokeo la opampu. Kwa 503 Hz kapasita yako ya ndani ina ukinzani mkubwa kuliko rezista mara 3.2, hivyo kila tokeo hupanda hadi mara 3.3 ya volti za ingizo. Volti 4 za kilele zinadai 13, na opampu haina.

Dawa ni kufanya kapasita zote mbili ziwe nanofaradi 33. L inakuwa henri 3.3, mwitiko unahamia 482 Hz, na matokeo hayazidi mara 1.4. Ikianza kulia yenyewe bila ishara, ucheleweshaji wa opampu umemeza upotevu wote uliokuwa unaituliza. Weka kiloomu 100 sambamba na koili, na Q itashuka hadi takriban 10.

Saketi ya opampu moja haitoshi?

Kwa ikwalaiza inatosha. Opampu iwe mfuasi: kapasita ya nanofaradi 100 toka ingizo hadi mguu wa +, kiloomu 100 toka hapo hadi ardhini, na omu 100 toka tokeo kurudi ingizo. Ni henri 1 tena, ila omu 100 zimo ndani yake, na ile kiloomu 100 pia inavuja. Kwa 503 Hz Q haifiki zaidi ya 16 hivi.

Naweza kuitumia kwenye saketi ya kupunguza volti za umeme?

Hapana. Haihifadhi nishati ya sumaku, na mkondo wote hupitia tokeo la opampu, linalotoa miliampia chache tu. Isitoshe, upande mmoja lazima ubaki ardhini.