Acha mlazo, angalia nani anamchunga Benjy

"Wakuu, nasoma The Sound and the Fury ya Faulkner, niko sehemu ya kwanza, ya Benjy. Nimeambiwa maandishi ya mlazo, zile herufi zilizoinama, ni zamani na ya wima ni sasa, na nisihangaike sana na matukio. Naandika muhtasari wangu kwa Kiswahili ili nielewe. Niendelee hivyo?"

Mkuu, weka kalamu chini. Kanuni hiyo ya mlazo ndiyo niliyopewa mimi nikiwa chuo, tena na mtu aliyelipwa kunifundisha, na ilinila sura nzima ya tasnifu. Kurasa 19 zilikwenda na maji. Roho inaniuma nikiona bado inagawiwa watu.

Fungua kurasa za mwanzo kabisa, pale kwenye msumari. Ni tarehe 7 Aprili 1928. Benjy anatimiza miaka 33, hawezi kusema, anatembea na kijana anayemchunga, Luster, kando ya uzio. Luster anatafuta robo dola aliyoiangusha, kiingilio chake cha maonyesho ya usiku ule. Wanapenya kwenye uwazi wa uzio, nguo ya Benjy inanasa kwenye msumari, Luster anamwambia umenasa tena. Mstari unaofuata uko kwenye mlazo, na anayemnasua sasa ni dada yake, Caddy. Krismasi imekaribia, baridi ni kali, wanapeleka barua ya siri ya Mjomba Maury kwa mke wa jirani. Mpaka hapo kanuni yako inafanya kazi.

Halafu herufi zinarudi wima. Wewe unashusha pumzi, unaandika "tumerudi 1928." Lakini msikilize anayeongea: ni Versh, aliyemchunga Benjy utotoni, anamwambia kwamba nje kuna baridi mno. Hujarudi Aprili. Uko palepale kwenye Krismasi, mapema siku ileile, kabla barua haijapelekwa. Mlazo haukuwa unakuambia "hii ni zamani." Ulikuwa unakuonyesha mahali akili ya Benjy iliporuka, basi. Baada ya kuruka, zamani inaendelea kwa herufi za wima kurasa na kurasa. Na nyakati zenyewe si mbili, ni zaidi ya kumi, kuanzia usiku aliofariki bibi yao mwaka 1898. Faulkner mwenyewe alitamani sehemu hii ichapwe kwa wino wa rangi mbalimbali.

Kwa hiyo muhtasari wangu ulikuwa na Versh na Luster wakimchunga Benjy pamoja mwaka 1928, na baridi ya kugandisha vidole huku ng'ambo ya uzio watu wanacheza gofu kwenye majani. Ningejiuliza swali moja tu kuhusu hiyo baridi ningeshtuka. Sikujiuliza, kwa sababu mwalimu yuleyule alishaniambia "usitafute matukio, acha mtiririko wa fahamu ukubebe." Ulinibeba kweli, ukanitupa kusikojulikana! Mtu akikwambia hivyo tena, mwombe akueleze Versh ni nani. Akibabaika, chukua begi lako uondoke.

Sasa njoo kwenye kosa lililoniua, na ndilo unalolifanya wewe sasa hivi kwa huo muhtasari wa Kiswahili. Humo ndani wamo Quentin wawili. Mmoja ni kaka yake Benjy, mwanamume, aliyejitosa mtoni mwaka 1910 akiwa mwanafunzi wa Harvard. Mwingine ni binti wa Caddy, mpwa wake Benjy, aliyepewa jina la huyo mjomba, na mwaka 1928 ana miaka 17. Kiingereza kinakusaidia bila wewe kujua, maana "he" na "she" zinakuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili chetu hakina habari hiyo. Ukiandika "Quentin alikasirika," ile "a" imewameza wote wawili. Mimi nilisoma kwa Kiingereza, nikanukuu kwa Kiswahili, na baada ya wiki mbili nikawa narudia daftari langu badala ya kitabu.

Daftari likaniambia Quentin alikufa 1910. Ukurasa uliofuata likaniambia Quentin amekaa kwenye bembea na mwanamume mwenye tai nyekundu, wa yale maonyesho ya 1928. Ningefanyaje? Nilitunga nadharia kwamba Benjy, kwa mapenzi ya kaka yake, anamfufua marehemu. Kurasa 19 za ufufuo. Msinicheke, ilikuwa nadharia nzuri, ila haikuhusu kitabu hicho.

Itazame bembea hiyo vizuri, maana ukiiweza utaweza sehemu yote. Benjy anaikaribia mara mbili, kwa miaka tofauti, na maandishi yanapishana bila kukuaga. Mara moja waliopo ni Caddy na kijana aitwaye Charlie. Benjy analia, Caddy anamwacha kijana, anakimbia naye jikoni, anajisugua mdomo kwa sabuni, na harufu yake inarudi kuwa ya miti, harufu ambayo Benjy anamjua kwayo. Mara nyingine ni yule wa tai nyekundu, na msichana hamkumbatii Benjy. Anamfokea Luster kwa kumwachia afike pale. Hilo jina Luster ndilo linalokupa jibu. Luster ndiye mchungaji wa 1928, kwa hiyo Quentin wa hapo ni mpwa.

Ndiyo kanuni yangu, na nitaisema hadi sauti ikauke: kabla ya kuuliza nini kinatokea, uliza nani anamchunga Benjy. Versh ni utoto wake. T.P. ni ujana wake, ndipo ilipo harusi ya Caddy ya 1910 na msiba wa baba mwaka 1912. Luster ni 1928. Chukua penseli, andika V, T au L pembeni mwa ukurasa kila mchungaji anapobadilika, usiandike kingine chochote mpaka umalize sehemu. Usimwangalie aliyepita tu. Mwangalie anayemshika mkono, anayemlisha, anayemwambia anyamaze. Mara nyingi Benjy hakwambii kwamba analia, utajua kwa sababu mwingine anambembeleza. Wachezaji gofu wakiita kedi wao, mbeba vifaa vyao, yeye anasikia jina la dada yake, na Luster ndiye anayemnyamazisha. Andika L.

Kuna mahali penseli inakwama. Enzi za T.P., utamkuta Luster bado mtoto mdogo, anacheza mchangani na Quentin. Luster hamchungi mtu hapo, kwa hiyo herufi ni T, lakini Quentin huyo ni mpwa akiwa mdogo, si kaka. Katika miaka ya T.P. Quentin anaweza kuwa yeyote kati ya wawili, hivyo mwangalie umri wake na anacheza na nani. Na ukisikia Benjy mwenyewe anaitwa Maury, hajabadilishwa jina bado, uko 1900 au kabla.

Kwenye daftari, ukishindwa kuacha Kiswahili, andika "Quentin kaka" na "Quentin mpwa" kila mara, hata mkono ukichoka. Rudi kwenye msumari usiku huu, uweke L, halafu V, halafu uone L ya pili inakuja ukurasa gani. Ukiipata, iandike hapa nikuangalizie.