Waliniita Sufuria: ninavyosoma mizizi na nukta geuko kwenye parabola

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinitumia picha ya karatasi ya mtoto wake. Pointi 3 kwa 10, na chini ya mchoro kuna duara jekundu lililochorwa kwa hasira. "Jambo profu. Mutoto alisoma mpaka usiku. Tablo yote iko sawa. Juu ya nini wamemukata pointi?"

Nilikuza picha kwa vidole viwili nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Mtoto alikuwa amechora sufuria. Na jina la Sufuria nimelibeba mimi mwenyewe miaka mitatu mizima ya sekondari.

Swali letu siku ile lilikuwa karibu sawa na lake. Chora y = x² − 5x + 4, soma mizizi, soma nukta geuko, yaani pale parabola inapogeuka. Nilitengeneza jedwali, x kuanzia 0 mpaka 5, na y zangu zikatoka 4, 0, −2, −2, 0, 4. Hakuna hata moja iliyokosewa. Nikaweka nukta sita kwenye karatasi ya milimetre, nikachukua rula (late, kama tunavyoiita hapa), nikaunganisha nukta moja na nyingine. Pale kati ya 2 na 3, ambapo y zote mbili ni −2, nikapiga mstari uliolala. Kwa nukta geuko nikaandika: x ni 2, y ni −2. Halafu nikasita, nikafuta, nikaandika x ni 3.

Mwalimu aliinua karatasi yangu mbele ya darasa. "Tazameni, huyu ametupikia. Parabola yake ina kitako, unaweza kuiweka juu ya mbabula ya makaa." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Sitamtaja jina, na shule siitaji. Ila mwalimu anayesoma hapa ajue kwamba kicheko kile hakikunifundisha kosa langu liko wapi. Nilitoka darasani nikijua nimekosa, basi. Kwa nini nimekosa, hakuna aliyeniambia.

Nililigundua jioni, nyumbani, na sioni haya kusema najivunia jioni ile kuliko diploma yangu. Umeme ulikuwa umekatika. Niliishika karatasi dirishani mwanga ulipokuwa bado haujaisha, nikaikunja kwa wima, mkono wa kushoto wa parabola uje juu ya mkono wa kulia. Nukta ya 0 ikalala juu ya nukta ya 5, ya 1 juu ya 4, ya 2 juu ya 3. Mkunjo ulipoangukia hapakuwa na nukta yangu yoyote. Ulipita katikati ya 2 na 3, yaani 2,5. Nikachukua penseli: 2,5 mara 2,5 ni 6,25, toa 12,5, ongeza 4. Jibu −2,25. Chini ya kitako cha sufuria yangu kulikuwa na robo moja zaidi, na ndiyo niliyoikata kwa rula.

Kosa lenyewe ndilo hilo, kwangu na kwa mtoto wa Katuba. Jedwali linakupa nukta ulizochagua wewe. Parabola haikuahidi kugeuka kwenye namba nzima kwa sababu tu wewe umeandika namba nzima. Ukiona y mbili za chini kabisa zinalingana na x zake zinafuatana, ujue mgeuko umejificha katikati yao. Ongeza mstari mmoja kwenye jedwali, pigia hesabu x ya katikati, na uunganishe nukta kwa mkono, bila rula. Sehemu ya chini iwe kama tako la kibuyu, si la sufuria.

Watoto ninaowafundisha jioni huniuliza kwa nini wakunje karatasi wakati fomula −b/2a ipo. Itumieni, hapa inatoa 5 kwa 2, yaani ile ile 2,5. Lakini swali likisema "soma kwenye grafu", mwalimu anataka kuona jicho lako. Kwenye grafu njia ni fupi: mizizi ni pale mchirizi wa parabola unapokata mhimili wa x, kwa sababu hapo y ni 0. Hapa ni 1 na 4. Nusu ya njia kati yake ni 1 jumlisha 4, gawa kwa 2. Mkunjo ni huo huo.

Parabola isiyogusa mhimili wa x haina mizizi ya kusoma, lakini bado inakunjika. Chukua nukta zozote mbili zenye y sawa. Kwa y = x² − 4x + 5, x ya 0 na x ya 4 zote zinatoa 5; katikati ni 2, na pale y ni 1. Mchirizi unageukia juu ya mhimili, haufiki chini. Andika kwamba hakuna mizizi na uendelee, usiuvute mchirizi kwa nguvu ili uguse.

Mizizi nayo ina mtego wake, na huu umewaangusha watoto wangu wengi kuliko sufuria. Mwezi uliopita msichana mmoja, mwepesi kweli wa hesabu, alichora y = x² − 4x + 1. Mchoro mzuri, wa mkono, umegeuka vizuri pale x ni 2 na y ni −3. Akasoma mizizi: 0,5 na 3,7. Nikamwuliza, "Mama, katikati ya hizo mbili ni ngapi?" Akahesabu: 2,1. "Na parabola yako imegeukia wapi?" Kwenye 2. Akanyamaza, akaanza kutafuna kifuniko cha biki.

Aliharibu kwenye skeli. Kwenye mhimili wa x alitumia sentimeta 2 kwa kila 1, na kwenye mhimili wa y sentimeta 1 kwa kila 1. Kwa skeli hiyo milimeta moja ya kulala ni 0,05, na milimeta moja ya kusimama ni 0,1. Upande wa kushoto alihesabu milimeta tano na kidogo kutoka sifuri, akazisoma kwa skeli ya y: 0,5. Upande wa kulia alihesabu kurudi nyuma kutoka 4, safari hii kwa skeli ya haki, akapata 3,7. Mchirizi mmoja, rula mbili.

Tuliurekebisha hivi. Milimeta tano na kidogo mara 0,05 ni kama 0,27. Kisha tukajaribu ndani ya fomula. Ukiweka 0,2 unapata 0,24, juu ya sifuri. Ukiweka 0,3 unapata −0,11, chini ya sifuri. Basi mchirizi umekata mhimili mahali fulani kati ya 0,2 na 0,3, karibu zaidi na 0,3. Ile 0,5 aliyoisoma inatoa −0,75. Pale mchirizi umekwisha zama. Mzizi wa pili ni 3,73, na 0,27 jumlisha 3,73 ni 4, nusu yake ni 2. Mkunjo umekubali.

Msikate tamaa mkiona jibu la kweli ni 2 toa kipeuo cha pili cha 3, namba isiyoisha. Karatasi haiwezi kukupa namba hiyo. Jicho zuri linatofautisha nusu milimeta, yaani kama 0,025 kwa skeli hii. Anayesoma 0,268 kwenye grafu hakuisoma, ameihesabu pembeni akaja kuibandika, na mwalimu mwenye uzoefu anamjua.

Sasa niseme kuhusu alama ya kutoa, maana hapa ndipo uvivu unapoumbuka. Katika y = −x² + 2x + 3, kipeo kinafanya kazi kwanza, ndipo alama ya kutoa inakuja. Kwa x ya −1, mraba ni 1, unakuwa −1. Toa 2, ongeza 3: jibu 0. Kijana mmoja aliniletea 2, kwa sababu aliiacha alama ya kutoa imezwe na mraba. Kwa −2 akaleta 3 badala ya −5. Kuanzia 0 kwenda mbele hesabu zake zilikuwa safi: 3, 4, 3, 0. Mchirizi wake ukashuka, ukapanda, ukashuka tena, kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Parabola hugeuka mara moja tu. Ukiona imegeuka mara mbili, weka penseli chini na urudi kwenye jedwali.

Wala huhitaji kungoja mchoro. Pitia y zako na uandike hatua kutoka moja hadi nyingine. Jedwali sahihi la kijana yule, x kuanzia −2, ni −5, 0, 3, 4, 3, 0. Hatua zake: 5, 3, 1, −1, −3. Kila hatua inapungua kwa 2, bila kuruka. Za kwake zilikuwa −1, 1, 1, −1, −3, na ubovu unaonekana mwanzoni kabisa. Kama x zako zinapanda kwa 1, hatua za y lazima ziongezeke au zipungue kwa kiasi kile kile. Kazi ya nusu dakika. Watoto hawaifanyi kwa sababu wanakimbilia kuchora, na mimi nimechoka kulisema hili kila wiki lakini nitalisema.

Aliyenicheka kwa sauti kubwa kuliko wote siku ile ya sufuria leo ananiletea binti yake kila Jumatano. Hatujawahi kuizungumza. Ananilipa kwa wakati.

Mama wa Katuba nilimjibu kwa sauti, dakika nne nzima, kuhusu dirisha na mkunjo. Jumatatu akanitumia picha nyingine. Ni karatasi ile ile, pointi bado 3, mwalimu hajaongeza kitu. Lakini ina mkunjo wa wima unaopita 2,5, na chini ya kile kitako kilichonyooka mtoto amechora kwa penseli upinde mdogo unaofika −2,25.