Ombi la kuingia linarudi kila nikilikataa

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa ofisi moja hapa Dodoma. Juzi saa saba usiku simu ilianza kuniletea ombi la kuidhinisha kuingia kwenye barua pepe ya kazini. Nikakataa, likarudi, kama mara kumi na mbili hivi. Halafu akapiga kijana akasema ni wa TEHAMA, nikubali mara moja ili yaishe. Sikukubali, nikazima simu nikalala. Je, nimeshamaliza?

Jibu: Salama, dada yangu. Bado hujamaliza, ingawa sehemu ngumu kuliko zote umeshaivuka.

Ile meseji ya “ile hela itume kwenye namba hii” hupelekwa kwa watu ovyo, hata kwa asiyedaiwa na mtu. Ombi hili ni tofauti. Kwa kawaida mfumo haukutumii ombi mpaka mtu awe ameshaandika neno lako la siri, na ameliandika sawasawa. Isipokuwa kama akaunti yako imewekwa kuingia bila neno la siri, basi mtu huyo analo. Kukataa kumemzuia usiku ule tu, na usiku mwingine atajaribu tena. Anachosubiri ni uchovu wako.

Kwa hiyo badilisha neno la siri leo. Usipitie kiungo chochote ulichotumiwa. Kama ofisi yenu inatumia Microsoft 365, andika mwenyewe kwenye kivinjari:

```
mysignins.microsoft.com
```

Chagua neno jipya ambalo hulitumii kwingine kokote, na kama lile la zamani ulilitumia pia kwenye akaunti nyingine, libadilishe na huko. Kisha bonyeza `Sign out everywhere`, ili kila kifaa kilichokuwa ndani kitolewe. Ukimaliza, fungua `Security info` uangalie njia za uthibitisho zilizosajiliwa. Ukiona simu au namba usiyoitambua, ifute na uwaambie watu wa TEHAMA papo hapo. Katika `Recent activity` utaona majaribio yenyewe. Usishtuke ukiona Dar es Salaam wakati wewe uko Dodoma, kwani mara nyingi intaneti ya simu huonyesha mji usio wako. Linganisha saa na aina ya kifaa.

Nasisitiza hizo njia za uthibitisho kwa sababu ya karani mmoja niliyemsaidia hapa mjini. Yeye alikubali ombi la tisa, akiwa nusu usingizini. Asubuhi alibadilisha neno la siri, akaamini amejiokoa. Lakini usiku uleule mwizi alikuwa ameshasajili simu yake mwenyewe kwenye akaunti, na kwenye barua pepe ameweka kanuni: kila ujumbe wenye neno `invoice` uhamishiwe folda ya `RSS Feeds`, ambayo karibu hakuna anayeifungua. Siku ya tatu muuzaji mmoja akapiga simu kuuliza mbona barua zake hazijibiwi. Ndipo tukaikuta kanuni ile. Wewe hukukubali, lakini pitia `Rules` za barua pepe yako hata hivyo. Ni kazi ya dakika mbili, na mhasibu ndiye anayewindwa zaidi.

Sasa yule kijana aliyepiga. Septemba 2022 Uber iliingiliwa kwa njia hii hii. Mkandarasi wao aliletewa maombi mfululizo, mwishowe akakubali moja. Mshambuliaji mwenyewe alidai kwamba alimwandikia WhatsApp akijifanya mtu wa TEHAMA. Fundi wa kweli hana haja ya idhini yako kusimamisha maombi, maana anaweza kuizuia akaunti upande wake. Mtu akikupigia hivyo tena, kata, kisha piga wewe namba ya ofisini unayoijua.

Tangu Mei 2023 programu ya Microsoft Authenticator hukutaka uandike tarakimu mbili zinazoonekana kwenye skrini ya anayeingia. Hilo limepunguza sana kukubali kwa bahati mbaya, lakini halizuii simu ya kitapeli, kwa kuwa anayepiga atakutajia tarakimu hizo: “andika 47.” Kama si wewe uliyekaa mbele ya skrini hiyo, usiandike.

Maombi yakianza tena, gusa `No, it's not me` kila mara na uwaite TEHAMA hata kama ni usiku. Waombe pia wakuwekee ufunguo wa kuingilia, ule unaoitwa `passkey`, badala ya maombi haya. Huo hufanya kazi kwenye kifaa kilicho karibu nawe tu, kwa hiyo aliye mbali hawezi kukutumia ombi. Namba ya yule kijana itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.