Watoto Hawakununuliwa

Niliwahi kuandika maelezo chini ya picha ya watoto waliovaa sare mpya: "Watoto walionunuliwa na wafadhili wetu." Gazeti la ukutani lilikaa hapo siku mbili kabla mzazi mmoja hajanifuata. "Mwalimu," akasema kwa upole, "hao watoto waliuzwa bei gani?"

Nilikuwa nimemaanisha watoto walionunuliwa sare. Neno "sare" nililiacha kwa kuwa zilikuwa zinaonekana pichani. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu sana na kauli ya kutendea, na hasa na kundi la vitenzi vinavyofanana na nunua.

Nunua kinahitaji pande mbili, yaani mnunuzi na kinachonunuliwa. Ukikitia katika kauli ya kutendea kikawa nunulia, anaingia wa tatu: "Wafadhili waliwanunulia watoto sare." Mtenda ni yuleyule. Aliyeongezeka ni mtendewa, naye akiingia huichukua nafasi ya mbele ya yambwa. Ile -wa- ndani ya "waliwanunulia" ni ya watoto. Huwezi kuiweka ya sare badala yake ukasema "walizinunulia watoto", kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa na mtendewa ndiye anayeishika. (Kinyarwanda ni kikarimu zaidi, huruhusu viambishi kadhaa vya yambwa vifuatane ndani ya kitenzi kimoja.) Sentensi ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, ni mtendewa huyohuyo anayepanda kuwa kiima: "Watoto walinunuliwa sare."

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kwa pika hakuna shida, maana chakula kilipikwa na mtoto alipikiwa. Masikio yanasikia tofauti. Lakini nunua huishia kwa irabu mbili, na vitenzi vya aina hii huingiza l katika kutendwa na katika kutendea. Kutendwa kwake ni nunuliwa. Kutendea ni nunulia, na kutendwa kwa nunulia ni nunuliwa vilevile. Umbo moja limebeba kazi mbili. Ndivyo ilivyo kwa fungua, chukua, ondoa na toa. "Mlango umefunguliwa" na "mgeni amefunguliwa mlango" zina kitenzi kilekile, na kinachotuonyesha kwamba mgeni si kitu kilichofunguliwa ni lile neno "mlango" baada ya kitenzi. Ukilifuta, umemfungua mgeni kama mfuko.

Njia ninayoitumia kukagua ni hii: mahali pa kitenzi cha aina hiyo naweka leta, ambacho hakifichi kitu. "Sare zilinunuliwa" inakuwa "sare zililetwa". Sawa. "Watoto walinunuliwa" nikitaka ibaki na maana yangu lazima iwe "watoto waliletewa", na nikiisoma tu hivyo najiuliza: waliletewa nini? Jibu la swali hilo lazima liandikwe, hata kama picha inalionyesha.

Kauli ya kutendesha huenda upande mwingine. Yenyewe haimgusi mnufaika. Inaleta mtenda mpya mbele na kumsukuma wa zamani nyuma. "Mtoto alikula uji." Nikisema "nilimlisha mtoto uji", mimi nimekuwa kiima na mtoto ameshuka kuwa yambwa, ingawa mdomo unaotafuna bado ni wake.

Sasa unganisha zote mbili. Dada yangu ana kazi, mimi nimebaki na mwanawe: "Nilimlishia dada mtoto uji." Hesabu: mimi, dada, mtoto, uji. Kutoka wawili wa kula tumefika wanne, na -m- sasa ni ya dada, aliyeingia mwisho. Zingatia pia kwamba -ish- imetangulia na -i- ya kutendea ikafuata. Mpangilio huo ndio wa kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa maandishi, wanne ni mzigo. Mimi huivunja: "Nilimlisha mtoto uji kwa niaba ya dada."

Jambo moja usiliamini kupita kiasi, nalo ni kwamba yambwa ya kutendesha ndiye mtenda wa zamani. Kwa lisha na nywesha ni kweli. Lakini "nilimwandikisha mtoto shuleni" haina maana kwamba mtoto alishika kalamu. Jina lake ndilo lililoandikwa, na aliyeandika ni karani. Na anayekimbizwa hukimbia kweli, ila anayemkimbiza naye anakimbia, jambo ambalo kimbiza hakilisemi popote katika umbo lake.

Maelezo ya picha niliyabandika upya: "Watoto walionunuliwa sare na wafadhili wetu." Yule mzazi alipita, akasoma, akaniuliza kama sasa wamerudishwa.